Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutuliza namba za sensa ya joto kabla ya kuzigeuza kuwa nyuzi

Majibu yote hapa yanatumia mfano mmoja, ili hesabu zifuatike: kipimajoto cha friza ya samaki iliyowekwa dikoni, tuseme Malindi au Wete. Sensa ni themista ya NTC yenye kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na B ya 3950, iko mwisho wa kebo ya mita 5. Bodi ni Arduino Uno R3. Rezista ya kiloomu 10 imetoka kwenye pini ya 5V hadi A0, na themista imetoka A0 hadi GND. Friza inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hivi, samaki wawe baridi bila kuganda.

Namba inayotoka kwenye `analogRead`, kati ya 0 na 1023, tunaiita namba ghafi, na kila mara inaposomwa tunapata somo moja. Kwa waya zilivyofungwa hapa, baridi ikizidi namba ghafi inapanda.

## Samaki hawajaguswa na kifuniko kimefungwa. Kwa nini nyuzi zinarukaruka?

Kwa sababu unachosoma ni volti, na volti hiyo imebeba mengine zaidi ya joto. Tazama masomo 16 yaliyofuatana kutoka kwenye friza ya mfano wetu:

768, 771, 766, 769, 774, 767, 770, 765, 769, 772, 768, 766, 771, 769, 767, 776

Ukigeuza 765 peke yake unapata nyuzi 2.39. Ukigeuza 776 unapata 1.29. Friza haikupoa kwa zaidi ya nyuzi moja ndani ya sekunde chache. Karibu na nyuzi 2, hatua moja ya namba ghafi ni nyuzi 0.1, kwa hiyo tikisiko la hatua kumi na moja tu kwenye volti linaonekana kwenye skrini kama nyuzi nzima.

Tikisiko lenyewe lina vyanzo vitatu vya kawaida. Kebo ya mita 5 inayopita kando ya waya wa kompresa inanasa mvumo wa umeme kama antena. Chaja ya simu ya bei rahisi inayolisha bodi huwa haitoi volti iliyonyooka. Na kigeuzi kilichomo ndani ya bodi, hata kikilishwa umeme safi, huyumba hatua moja au mbili.

Kabla ya kuandika programu yoyote, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya A0 na GND, karibu kabisa na bodi, na isogeze kebo ya sensa mbali na waya wa kompresa. Kapasita hiyo inakata miruko mifupi mikali. Mvumo wa polepole haiugusi, na huo ndio unaoachiwa programu.

## Wastani unaosogea unafanyaje kazi?

Unaweka masomo 16 ya mwisho kwenye safu. Somo jipya likija, la zamani kuliko yote linatoka na jipya linakaa mahali pake. Huna haja ya kujumlisha upya namba zote 16 kila mara: toa inayotoka, ongeza inayoingia, basi.

```cpp
const byte N = 16;
unsigned int safu[N];
unsigned int jumla = 0;
byte nafasi = 0;

void ongeza(unsigned int mpya) {
  jumla -= safu[nafasi];
  safu[nafasi] = mpya;
  jumla += mpya;
  nafasi = (nafasi + 1) % N;
}
```

Masomo yale 16 ya juu jumla yake ni 12308. Gawanya kwa 16, unapata 769.25, ambayo ni nyuzi 1.97. Kama kelele ni ya kubahatisha, yaani somo moja halina uhusiano na linalofuata, wastani wa masomo 16 hupunguza tikisiko mara 4, ambayo ni kipeuo cha pili cha 16. Kwa masomo 64 ni mara 8. Kelele isiyo ya kubahatisha haitii hesabu hii, na mvumo wa umeme ni wa aina hiyo. Una swali lake chini.

## Kwa nini nitulize namba ghafi kwanza? Si nigeuze kila somo kuwa nyuzi halafu nitafute wastani wa nyuzi?

Jibu linalotolewa sana ni kwamba themista haifuati mstari ulionyooka, kwa hiyo wastani wa nyuzi si sawa na nyuzi za wastani. Ni kweli, lakini kwa kelele ndogo hoja hiyo haina uzito. Chukua masomo yetu 16, yageuze moja moja, tafuta wastani: tofauti na njia ya kwanza haifiki hata sehemu moja ya elfu ya nyuzi. Mtu akikuambia umekosea kwa sababu ya hilo pekee, anakuza mambo.

Uzito unakuja pale somo moja linapoharibika. Tuseme kiungio kimelegea kidogo, sanduku likasukumwa, na somo moja kati ya 16 likaja 1023, mengine 15 yakiwa 769. Kwenye fomula ya kugeuza, 1023 maana yake ni ukinzani usio na mwisho, na hesabu inaangukia nyuzi −273.15, baridi kuu kabisa isiyopitika. Sasa linganisha. Ukituliza kwanza, wastani wa namba ghafi ni 784.9, na skrini inaonyesha nyuzi 0.4 hivi. Ni kosa, lakini ni kosa la nyuzi moja na nusu. Ukigeuza kwanza, wastani wa nyuzi ni −15.2, na utabaki hapo hadi somo lile bovu litoke kwenye safu, sekunde 16 baadaye ikiwa unasoma mara moja kwa sekunde.

Sababu ni mkunjo wa themista. Karibu na 769 hatua moja ni nyuzi 0.1, lakini ukikaribia 1023 hatua moja inakuwa nyuzi nyingi. Namba ghafi ina kuta mbili, 0 na 1023, na somo bovu haliwezi kuzivuka. Nyuzi hazina ukuta wa karibu hivyo.

Kuna na sababu ya kazi. Kugeuza kunataka `log`, na Uno haina kifaa cha kukokotoa namba za desimali. Kila kitu inafanya kwa programu. Kujumlisha namba kamili ni kazi nyepesi mno kwake. Ukituliza kwanza unaita `log` mara moja tu, pale unapotaka kuandika kwenye skrini.

## Nigawanye kwa 16 kabla ya kugeuza?

Usigawanye. Ukiandika `jumla / 16` kwa namba kamili, 12308 inakuwa 769 na ile robo inatupwa. Robo hiyo ni nyuzi 0.025, kidogo, lakini umeipata kwa kusoma mara 16 na sasa unaimwaga chini. Iache jumla kama ilivyo na ukuze kipimo cha juu kabisa badala yake: masomo 16 yanaweza kufika 16 × 1023, yaani 16368.

```cpp
float juu = 1023.0 * N;
float R = 10000.0 * jumla / (juu - jumla);
float C = 1.0 / (log(R / 10000.0) / 3950.0
          + 1.0 / 298.15) - 273.15;
```

Kwa jumla ya 12308 unapata R ya omu 30,315 na C ya 1.97.

Jambo la kuchekesha ni kwamba robo ile ipo kwa sababu ya kelele yenyewe. Sensa isiyotikisika kabisa ingetoa 769 mara 16, na wastani ungekuwa 769 kavu, bila desimali. Tikisiko la hatua moja au mbili ndilo linaloonyesha kwamba volti iko kati ya 769 na 770. Kwa hiyo usihangaike kuua kelele yote kwa vifaa, kidogo kiache.

## Nikiwasha kifaa kinaonyesha nyuzi 113 halafu kinashuka polepole. Sensa imeungua?

Haijaungua. Safu yako imeanza na sufuri tupu. Baada ya somo la kwanza jumla ni 769 tu, na ukiigawa kwa 16 ni kama somo la 48. Kwa ufungaji huu namba ndogo ni joto, na 48 ni karibu nyuzi 113. Kila sekunde sufuri moja inatoka na nyuzi zinashuka, mpaka somo la kumi na sita ndipo ukweli unaonekana. Kama umefunga king'ora, kitalia kila umeme ukikatika na kurudi, na wenye friza watazoea kukipuuza.

Dawa ni kuijaza safu nzima kwa somo la kwanza ndani ya `setup`:

```cpp
unsigned int kwanza = analogRead(A0);
for (byte i = 0; i < N; i++) safu[i] = kwanza;
jumla = kwanza * N;
```

## Kifaa kilikuwa kizuri, friza ilipozidi kupoa ghafla kikaonyesha upuuzi. Kwa nini?

Angalia umetangaza `jumla` kwa aina gani. Kwenye Uno, `int` inabeba hadi 32767 tu. Masomo 32 yenye thamani ya juu kabisa yanafika 32736, yanatosha. Ya 33 yanaweza kumwagika.

Kosa hili ni la hila kwa sababu halijitokezi mezani. Chukua safu ya masomo 40 na `int`. Nyumbani, kwenye nyuzi 28, namba ghafi haifiki 500 na jumla iko chini ya 20000. Ndani ya friza kwenye nyuzi 2, jumla ni 30760, bado salama. Joto likishuka hadi nyuzi −3.4, namba ghafi inafika 820, jumla inataka kuwa 32800, na `int` inageuka kuwa hasi. Fomula inapewa ukinzani hasi, `log` inakataa, na skrini inaandika `nan`. Mtu anabadilisha sensa, analeta kifaa mezani, kinafanya kazi, anakirudisha, kinakufa tena.

Tumia `unsigned int` na usizidi masomo 64: 64 × 1023 ni 65472, na mwisho wake ni 65535. Zaidi ya hapo, `unsigned long`.

## Nichukue masomo mangapi?

Kwa friza ya samaki inayosomwa mara moja kwa sekunde, 16 yanatosha. Wastani unachelewa kwa nusu ya urefu wa safu: masomo 16 kwa sekunde moja moja yanachelewesha kwa sekunde 7.5, na badiliko la ghafla linakamilika kuonekana baada ya sekunde 16. Hewa ya friza iliyofunguliwa ikipanda nyuzi moja kwa dakika, utakuwa nyuma kwa nyuzi 0.12 hivi. Hakuna kibua atakayeharibika kwa hilo.

Ukienda 64, unachelewa kwa nusu dakika na zaidi, na unachopata ni utulivu wa mara mbili tu kuliko wa 16. Kabla ya kurefusha safu, kumbuka pia kwamba sensa iliyovikwa bomba la chuma ina uzito wake. Kwenye hewa tulivu inachelewa yenyewe kwa sekunde nyingi kabla programu haijagusa chochote.

Nne ni kidogo mno kwa kebo ndefu. Nane ni sawa kama kebo haizidi mita moja.

## Nimetuliza kwa masomo 16, bado nyuzi zinapanda na kushuka taratibu kama mawimbi. Friza inapumua?

Mara nyingi huo ni mvumo wa umeme wa gridi uliojificha. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo wimbi moja linachukua milisekunde 20. Wewe unasoma kila milisekunde 1000, ambayo ni mawimbi 50 kamili. Kila unaposoma unalikuta wimbi palepale: likiwa juu, masomo yako yote 16 yako juu, na wastani hauwezi kuondoa kitu ambacho masomo yote wanakubaliana nacho. Na kwa kuwa saa ya bodi na mzunguko wa umeme havilingani sawasawa, ile sehemu unayoikuta inasogea kidogo kidogo, na skrini inachora wimbi la polepole ambalo halipo ndani ya friza. Mvumo wa hatua 5 kwenda juu na 5 kwenda chini utakupa nyuzi nzima ya uongo.

Njia ya kuondoa ni kulizunguka wimbi lote. Badala ya somo moja kwa sekunde, chukua masomo 16 yaliyoachana mikrosekunde 1250. Kumi na sita mara 1250 ni milisekunde 20 kamili, wimbi moja, na nusu yake ya juu inafutana na nusu ya chini.

```cpp
unsigned int somaMoja() {
  unsigned int s = 0;
  for (byte i = 0; i < 16; i++) {
    s += analogRead(A0);
    delayMicroseconds(1138);
  }
  return (s + 8) / 16;
}
```

Ile 1138 imetoka hapa: `analogRead` yenyewe inakula mikrosekunde 112 hivi kwenye Uno, na zilizobaki ndizo za kusubiri. Ile `+ 8` ni ya kukadiria kwenye namba iliyo karibu badala ya kukata tu. Kinachotoka ndicho unachokipeleka kwenye `ongeza` kila sekunde, na kwenye `setup` pia tumia `somaMoja()` badala ya `analogRead` tupu.

Friza ikihamia kwenye jenereta, mzunguko hauwi hezi 50 kamili. Ufutaji unapungua, haupotei. Tikisiko dogo utakaloliona wakati huo ni la kawaida.

## Kompresa ikiwaka au kuzima, nyuzi zinaruka kwa sekunde 16 halafu zinarudi. Nifanyeje?

Wastani hautupi mruko, unaueneza tu. Somo moja lililopotea kwa hatua 160 linakuwa kosa la hatua 10 linalodumu kwa urefu wote wa safu, na ukiona kosa la muda uleule kila mara, sawa na urefu wa safu yako, umeshajua ni nini.

Mruko unazuiwa mlangoni. Weka masomo matatu ya mwisho na upeleke la katikati kwa ukubwa. Kati ya 769, 930 na 770, la katikati ni 770; ile 930 haipati nafasi.

```cpp
unsigned int kati(unsigned int a, unsigned int b,
                  unsigned int c) {
  return max(min(a, b), min(max(a, b), c));
}
```

Mpangilio ni huu, na ukiugeuza unapoteza faida: kwanza `somaMoja`, kisha `kati`, kisha `ongeza`, na mwisho kabisa kugeuza kuwa nyuzi.

## Waya ukikatika kabisa, wastani utaniambia?

Utakuambia uongo kwa muda, kisha −273.15. Kwa hiyo kagua kila linalotoka kwenye `somaMoja` kabla halijaenda popote. Likizidi 1003, waya umekatika: hapo ni sawa na baridi ya chini ya nyuzi −40, ambayo friza ya samaki haifiki. Likiwa chini ya 20, waya mbili zimegusana, kwani hiyo ni karibu nyuzi 150. Usiliingize kwenye safu.

Lakini usiishie hapo. Programu inayotupa masomo mabovu kimyakimya itaendelea kuonyesha nyuzi 2 za jana huku samaki wanaoza. Hesabu yanayokataliwa, yakifuatana matano, futa nyuzi kwenye skrini na uandike neno, "WAYA" linatosha. Sensa ikirudi, ijaze safu upya kama kwenye `setup`, usiache ichanganye ya kabla na ya baada.

## Namba imetulia vizuri sana, lakini kipimajoto kingine kinasema tofauti. Niongeze masomo?

Hapana. Wastani unatuliza kinachoyumba. Kosa lililosimama palepale hata ukichukua masomo elfu halisogei, na namba tulivu inafanya kosa lionekane kama ukweli.

Pima kwa barafu. Jaza chupa ya chai kwa barafu iliyopondwa, mimina maji safi mpaka yaonekane kati ya vipande, chovya sensa katikati isiguse ukuta, koroga, subiri dakika 10. Hapo ni nyuzi 0, na namba ghafi inatakiwa iwe 788 au 789. Ukipata 781, kifaa chako kinasoma nyuzi 0.8 juu, na kwa kuwa friza inafanya kazi karibu na hapo, kutoa 0.8 mwishoni, baada ya kugeuza, kunatosha. Usitumie maji ya bahari kwa sababu tu yako karibu. Chumvi inashusha joto la barafu inayoyeyuka, na utarekebisha kifaa kwa namba isiyo sahihi.

Kama kilikuwa sahihi mwezi uliopita na sasa kimepotoka, fungua viungio. Hewa ya pwani ina chumvi, na maji ya samaki yana chumvi zaidi. Madhara ni ya aina mbili na yanakwenda pande tofauti. Unyevu ukiingia kati ya waya mbili, umeme unavuja kando ya themista: uvujaji wa kiloomu 500 tu unaifanya nyuzi 2 isomeke 3.1. Kutu ikila kiungio, ukinzani unaongezeka: kiloomu moja ya kutu inaifanya nyuzi 2 isomeke 1.4. Hiyo ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu kifaa kinadai kuna baridi kuliko iliyopo. Lehemu kila waya, uvike mpira wake unaonywea kwa moto, kisha mwingine mkubwa juu ya zote mbili. Kusokota waya na kufunga gundi ya plastiki hakudumu ndani ya friza ya samaki.

## Nitajuaje kama ninachotuliza ni kelele au ni joto linalobadilika kweli?

Toa themista, na mahali pake, mwisho uleule wa kebo, funga rezista ya kiloomu 33. Rezista haijali baridi. Namba ghafi inatakiwa ikae karibu na 785, ikipungua au kuzidi kidogo kwa kasoro ya rezista zenyewe. Acha kebo ipite palepale, kompresa iwake, na uandike namba ghafi kwa dakika tano bila kutuliza. Zikirukaruka kama zamani, ni umeme. Zikitulia ndani ya hatua moja au mbili, basi joto ndilo linalobadilika: sensa iko kwenye njia ya upepo wa feni, au inagusa bomba la baridi. Hapo usitulize, hamisha sensa.

## Natumia ESP32, mambo ni yaleyale?

Njia ni ileile. Badilisha 1023 iwe 4095, zidisha kwa 4 namba ghafi nyingine zote za ukurasa huu, kama mipaka ya 1003 na 20, na ulishe themista kwa 3.3V, sio 5V, la sivyo unaweza kuua pini. `int` yake ni kubwa, kwa hiyo shida ya kumwagika haipo. Kigeuzi chake kina kelele zaidi ya cha Uno na hupinda karibu na mwanzo na mwisho wa kipimo, kwa hiyo pima kwa barafu hata kama namba inaonekana nzuri. Muda wa kusubiri kwenye `somaMoja` pia upime upya kwa `micros()`, kwa sababu `analogRead` yake haichukui mikrosekunde 112.

## Na DS18B20?

Hiyo inageuza kuwa nyuzi ndani yake yenyewe na kutuma namba tayari, kwa hiyo hakuna namba ghafi ya kutuliza kwa maana ya ukurasa huu. Chunga tu namba mbili kabla ya kuingiza kwenye wastani wowote: 85, ambayo hutoa ikiwa imewashwa lakini haijapima bado, na −127, ambayo maktaba ya DallasTemperature hurudisha sensa ikiwa haionekani kwenye waya.